Kilo Ishirini za Olive

Léopold Twagirimana hakuwa na gari wala pikipiki. Hakuwa na umeme wa uhakika katika chumba chake cha kazi kwenye kituo cha afya cha Murara, wala pazia dirishani. Hakuwa na mashine ya kupima pumzi, ile ambayo katika hospitali kubwa huonyesha mwili wa mtu unachoma chakula kiasi gani kwa siku. Hakuwa na mwenzake wa kumuuliza, maana katika kituo kile cha afya mtaalamu wa lishe alikuwa yeye peke yake. Na hakuwa na mashaka. Hayo mashaka hakujua kwamba yamempungukia mpaka Oktoba ya mwaka 2022, wakati hapakuwa tena na cha kuokoa.

Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa watoto waliokonda. Kila vita vilipowashusha watu kutoka Rutshuru na Masisi, akina mama walipanga foleni mlangoni kwake. Alipima watoto kila asubuhi, akatazama jedwali lililobandikwa ukutani, akaandika kila mmoja apewe maziwa kiasi gani siku hiyo. Akina mama walimwita Papa Maziwa, naye alilipenda jina hilo kuliko cheo chochote.

Olive alipoingia Januari ya mwaka ule, Léopold alidhani amekosea mlango.

"Papa Maziwa, mimi sikuje kwa kunenepa," Olive alisema, akacheka mwenyewe. "Hiyo nimeshamaliza. Nataka kupunguza."

Akaeleza. Ndugu yake mdogo, Kasereka, figo zake zilikuwa zimekufa. Shinikizo la damu lilikuwa limezila polepole kwa miaka. Volkano ilipolipuka Mei ya 2021 na mji ukakimbilia Sake, Kasereka alikaa huko wiki mbili bila dawa, na waliporudi alikuwa amevimba uso. Sasa alisafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki. Hospitali moja ya ng'ambo ilikubali kumpandikiza figo. Vipimo vilionyesha damu ya Olive inafaa kabisa, kasoro jambo moja: kwa kimo chake cha mita moja na sentimita sitini na tisa, hawakumpokea mtoaji anayezidi kilo themanini na sita. Léopold akampandisha kwenye mizani. Mia moja na sita.

"Kilo ishirini," Léopold alisema.

"Itawezekana?"

"Hesabu itatuambia."

Akavuta karatasi. Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba nguvu ya kilokalori elfu saba na mia saba. Kilo ishirini ni elfu mia moja hamsini na nne. Olive alikuwa akila takriban elfu mbili na mia tano kwa siku. Akipunguza mia tano na hamsini, siku mia mbili na themanini zinatosha. Wiki arobaini. Akaandika tarehe chini, 17 Oktoba, akapiga mistari miwili.

Siku hiyohiyo Olive alimpigia simu kaka yao mkubwa, Sikuli, mfanyabiashara wa Butembo, aliyekuwa kama baba kwao. Kulikuwa na binamu mmoja huko Beni ambaye pia damu yake ilifaa, naye alikuwa amekubali, ingawa kwa kusitasita. Sikuli akamwambia binamu atulie. Tarehe ilikuwa imepatikana, na figo ya dada ni bora kuliko ya mtu anayesitasita.

Mwezi wa kwanza Olive alipungua kilo tatu, wakati hesabu ilidai mbili. Léopold alijisikia fahari.

"Unaona?" alimwambia. "Hesabu yangu hata ni ya huruma."

Mwishoni mwa Machi karatasi ilisema mia moja kamili, mizani ikasema mia moja na moja na nusu. Kidogo, walisema wote wawili. Lakini Julai karatasi ilitaka tisini na tatu, na Olive alisimama pale juu, bila viatu, bila kitambaa cha kichwa, hata hereni ameziweka mezani, na mshale ukagoma kwenye tisini na nane na nusu.

"Mama Olive," Léopold alisema taratibu, "unakula nini jioni?"

"Uliyoniandikia. Fufu ya muhogo kama ngumi, majani ya sombe bila mafuta, samaki wadogo wa sambaza kijiko."

"Na kazini? Sokoni pale Majengo kuna beignets, maandazi ya kukaanga."

"Papa Maziwa, watoto wa jirani wananiita Mama Mizani. Kila mutu anajua mimi sigusi beignet."

Léopold hakumwamini. Sikuli alikuwa ameomba maelezo kwa maandishi, naye Léopold aliyaandika jioni ile kwa mwandiko wake mzuri: kwamba mpango ni sahihi, kwamba mtu anayeufuata hawezi kukosa kupungua, kwamba ikiwa uzito hausogei, basi kuna chakula kinacholiwa pembeni. Akapiga muhuri wa kituo. Barua ilipanda lori la maharage, ikapita kijiji cha Kalengera alikozaliwa Léopold, ikafika Butembo, ikasomwa kwa sauti mbele ya wazee wa familia.

Jibu lililokuja halikuwa barua. Lilikuwa shangazi yao, Mama Henriette, mwanamke wa miaka sitini na tano, mwenye rozari shingoni na kufuli mpya mkononi.

"Nimetumwa kulala na huyu mutoto chumba kimoja," alimwambia Léopold. "Chakula kitafungwa. Funguo itakaa hapa." Akapiga kifua. "Akienda chooni, ninaenda naye. Ndugu anakufa, yeye anaficha mukate!"

Olive alikuwa amekaa kwenye benchi palepale. "Shangazi, niko hapa. Ninasikia."

"Ndiyo maana ninasema."

Wakaishi hivyo wiki kumi, katika chumba cha kupanga Majengo, kwa kuwa nyumba ya Olive ya Buhene ilikuwa chini ya mawe ya volkano. Mama Henriette alipima fufu kwa kikombe. Alimfuata Olive sokoni na kukaa nyuma yake kama polisi.

Tarehe 17 Oktoba walikuja wote wawili. Mizani ilisema tisini na sita.

Olive hakulia. Alishuka, akavaa viatu. Aliyeongea ni shangazi, na sauti yake haikuwa ile ya kwanza.

"Papa, mimi nilikuja kukamata mwizi. Wiki kumi funguo haijatoka kwenye nguo yangu. Huyu hakuiba hata karanga. Usiku tumbo lake linalia mpaka linaniamusha. Basi mwizi ni nani?"

Léopold alitaka kusema kwamba hesabu haidanganyi. Wakati huohuo muuguzi alimpitishia mtoto wa Nyiramahirwe, mama mmoja wa kambini, apimwe. Tangu wiki iliyopita mtoto alikuwa ameongezeka kutoka kilo sita hadi sita na nusu. Mkono wa Léopold ukapanda wenyewe kwenye jedwali la ukutani, kidole kikashuka mstari mmoja, akaandika maziwa zaidi ya jana. Mwili umekua, mahitaji yamekua. Alikuwa amefanya hivyo mara elfu nyingi, kila asubuhi, kwa kila mtoto, uzito mpya na kipimo kipya.

Hesabu ya Olive alikuwa ameifanya mara moja tu, Januari.

Alikaa chini. Ile elfu saba na mia saba haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kudhani kwamba pengo la mia tano na hamsini lingebaki mia tano na hamsini. Mwili wa kilo mia moja na sita hutumia zaidi kuliko wa kilo tisini na sita: una nyama zaidi ya kulisha, una mzigo zaidi wa kubeba juu ya mawe ya Majengo. Kila kilo iliyotoka ilipunguza matumizi ya mwili, tena mwili wenyewe ukiona njaa hubana zaidi. Akapiga hesabu upya, kwa kukadiria. Pengo la Januari lilikuwa limebaki kama mia tatu tu, nalo lingeendelea kufifia. Na zile kilo tatu za mwanzo zilizompa fahari, sehemu yake ilikuwa maji na akiba ya sukari ya mwili, vitu ambavyo hutoka upesi na havibebi nguvu nyingi. Kwa chakula kilekile, kilo ishirini zilihitaji zaidi ya miaka miwili.

"Mwizi ni mimi," alisema.

Palepale alimpigia Sikuli. Sikuli alimsikiliza mpaka mwisho.

"Docta, mimi niko na karatasi yako hapa. Iko na muhuri. Leo unaniambia kwa simu kitu kingine. Olive amekulilia, umemuhurumia."

"Hapana, muzee. Nilikosea."

"Karatasi haikukosea. Leta ingine yenye muhuri, tutaona."

Siku tisa zilizofuata zilikwenda kwenye mambo mengine, na karatasi hiyo haikuandikwa. Hospitali ya ng'ambo ilijibu kwamba kiwango ni kilekile. Binamu wa Beni, alipoulizwa tena, alisema alikwisha kuoa na mkewe hataki kusikia. Kasereka alifariki tarehe 26, asubuhi, akisubiri zamu yake ya mashine. Jeneza lilisafiri hadi Butembo kwa ndege ndogo, maana barabara ya Rutshuru ilikuwa imejaa risasi. Shangazi alilisindikiza. Olive aliambiwa abaki: hawezi kutupa udongo juu ya mtu aliyemnyima uzima. Siku chache baadaye waasi waliingia Rutshuru, na simu ya mama yake Léopold kule Kalengera ikaacha kuita.

Mama Henriette alipiga simu kutoka Butembo. Alikuwa amewaeleza wazee alichokiona, wakamwambia amezeeka, mtoto amemzunguka. Jumamosi familia ingekaa kuamua kama jina la Olive litabaki miongoni mwao.

Léopold aliandika siku nzima. Hakuandika "labda," wala "inawezekana." Aliweka uzito wa kila mwezi, pengo la kila mwezi, na chini yake: dada yenu alitii, mimi niliyesema amekula pembeni ndiye niliyekosea, na kama ningehesabu vizuri Januari mngemtumia binamu. Sentensi hiyo aliifuta mara mbili, akaiandika mara tatu.

Alhamisi alimsomea Olive.

"Unajua Kasereka alikufa akiamini nini?" Olive aliuliza.

"Ulimwambia ukweli?"

"Nilimwambia. Akasema, 'Dada, hata kama ulikula, nimesamehe.'" Akatazama mizani iliyokuwa kwenye kona. "Hata kama nilikula. Hivyo ndivyo alivyoondoka."

Léopold akaiweka barua mezani.

"Sasa ninaruhusiwa kula, Papa Maziwa?"

"Ndiyo."

"Sina njaa."

Alikwenda zake bila kuomba nakala. Léopold alijua kwamba Sikuli anaweza kuichana barua hiyo bila kuisoma, kwa sababu mtu aliyemzika ndugu yake kwa hasira hataki kuambiwa kwamba hasira ilikosa njia. Alijua pia kwamba hata akiisoma, Olive hatarudishiwa kile kiganja cha udongo.

Akachovya muhuri kwenye wino, akaupiga kando ya jina lake, pale pale alipoupiga Julai. Akakunja karatasi mara tatu. Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka, akailowesha kwa ulimi na kuikandamiza kwa kitako cha kikombe cha maziwa mpaka iliposhika. Kisha akatembea kwa miguu hadi uwanja wa ndege, akampa Jean-Bosco, fundi wa ile ndege ndogo, aliyekuwa akipakia sanduku la chanjo za Butembo. Jean-Bosco aliichomeka chini ya mkanda wa sanduku, akafunga mlango.