Mzee Kornelio na Kilo Kumi na Tano

Dhahabu ilipopanda bei, kila mwenye shimo Tarime alijiona ana akili. Mzee Kornelio wa Nyamwaga alijiona ana akili kupita wote, kwa sababu hakuwa na shimo. Yeye alikuwa na mizani. Wachimbaji waliibuka kutoka chini wamejaa matope, wakamwekea punje zao kwenye kisahani, na mizani ikasema pungufu kidogo ya walivyotarajia. Wakilalamika, aliwajibu, "Mizani haina mjomba." Kwa huo upungufu wao akanunua pikapu, kisha akajenga kambi ya watalii Robanda, mahema kumi yenye vitanda vya mninga, ubavuni mwa hifadhi.

Utalii aliujua kama alivyoujua mwezi: alikuwa ameuona kwa mbali.

Barua pepe za kambi ziliandikwa mjini Tarime, katika chumba cha nyuma ya duka la vitambaa, na Yasmini, binti aliyewahi kufanya kazi kwenye kambi mbili kabla ya hiyo. Wageni wa kwanza walipolipa, Yasmini aliandaa ile barua inayomtangulia mgeni kabla hajafunga safari. Kornelio akataka asomewe kwa sauti.

"Mizigo isizidi kilo kumi na tano kwa mtu, pamoja na mkoba wa mkononi na kamera," Yasmini akasoma. "Iwe mifuko laini, isiyo na fremu wala magurudumu, kwa kuwa ndege ni ndogo. Tafadhali tutajieni uzito wenu..."

"Ngoja. Uzito wa nini?"

"Wa wageni, mzee. Rubani anapanga ndege kwa uzito."

"Unamuuliza mke wa mtu kilo zake? Huyo ni ng'ombe wa mnadani? Endelea."

"Anayetoka Kenya aje na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Dawa zenu ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Nguo za bluu iliyokolea na nyeusi msilete, zinavuta mbung'o. Za mabakamabaka kama ya jeshi ni marufuku. Mifuko ya plastiki ya kubebea imekatazwa nchini. Jioni kuna baridi, leteni sweta."

Kornelio alicheka mpaka kiti kikalia.

"Binti, hii ni barua ya kukaribisha au ya kufukuza? Kwetu mgeni akifika unampokea mzigo mlangoni, hata ukiwa gunia. Humuulizi umebeba nini, wala unaumwa nini. Futa. Andika: karibuni sana, njooni kama mlivyo. Sweta tu libaki."

"Mzee, na ndege?"

"Ndege nimeikodi mimi. Ndege itafanya ninavyosema."

Yasmini akafuta, akabakiza sweta, akatuma. Alikwisha kumwona Kornelio akibishana na mwenye vipimo vya damu kwamba malaria yake si malaria. Hakuwa na haja ya kuona tena.

Mgeni aliyelipa alikuwa Nashoni, meneja wa kampuni moja ya Nairobi. Alikuwa anakuja na mkewe Aloo kuitazama kambi. Ikiwapendeza, kampuni ingeleta wafanyakazi wake wote kwa mapumziko ya mwisho wa mwaka, na mahema ya Kornelio, ambayo tangu yafunguliwe yalilaza popo tu, yangejaa. Benki iliyomkopesha ilikuwa imeanza kumpigia simu kwa sauti ya upole, ile inayotisha. Kwa hiyo siku hiyo alivaa suti, akaenda mwenyewe uwanja wa ndege wa Magena, nje ya Tarime, ili apande nao. Hakuwa amepanda ndege maishani.

Walichelewa. Pale mpakani Sirari afisa wa afya aliomba kadi za njano. Nashoni alikuwa nayo ndani ya pasipoti tangu safari zake za zamani. Aloo hakuwa nayo. Akawekwa benchi, akaelezwa, akalipishwa, akachomwa sindano hapo hapo. Alishuka kwenye gari pale Magena ameshika mkono, amevaa gauni refu la bluu iliyokolea.

"Si mngetuambia tu?" alisema. "Mwaka huu nimeulizwa kadi ya kila kitu, hiyo moja ndiyo nakosa?"

"Karibu mama, karibu sana, pole!" Kornelio akakimbilia mizigo. Yalikuwa masanduku mawili magumu, yanayong'aa, makubwa kama majokofu, yenye magurudumu. Aliyapokea kwa mikono miwili kama mila inavyotaka, akayaburuta hadi kwenye kindege cha viti vitano.

Rubani, kijana mwembamba aitwaye Faridu, aliyatazama kwa huzuni.

"Haya hayaingii, mzee." Akafungua kimlango chini ya tumbo la ndege. "Hapa panaingia mfuko unaokunjika. Hili halikunjiki."

"Yaweke kwenye viti."

"Kwenye viti tuangalie uzito kwanza. Na wewe unapanda? Jina lako silioni."

"Mimi ndiye mwenye kambi!"

"Sawa. Una kilo ngapi?"

"Tisini," alisema Kornelio bila kupepesa.

Faridu akaleta mizani ya bafuni, akaiweka kwenye simenti. Kornelio alivua koti. Alivua viatu. Mshale ulipita tisini, ukapita mia, ukasimama mia na ishirini na nne.

"Hii mizani ina kasoro," alisema.

Ni maneno yale yale aliyoyasikia kila siku kutoka kwa watu wenye matope, na hakuyatambua.

"Masanduku yana kilo sabini na moja," alisema Faridu alipokwisha kuyapima pia. "Njia ya kurukia ni fupi, na nina mafuta ya kurudia. Nawachukua bwana na mama, na mikoba yao ya mkononi. Mengine yaende kwa gari."

"Mengine yapi?"

Faridu akatazama masanduku, kisha akamtazama yeye.

Ndivyo mwenye kambi alivyokwenda Robanda kwa pikapu, kupitia Mugumu, suti ikigeuka rangi ya barabara. Alipoingia kambini jioni, Aloo alikuwa amejifunika shuka ya kitanda, miguu imevimba. Mbung'o walikuwa wamelipenda gauni. Sweta lilikuwa ndani ya sanduku. Dawa za presha za Nashoni nazo zilikuwa ndani ya sanduku.

"Weka tu hapo, asante," Aloo alisema bila kuinua uso, akidhani ni mchukuzi.

Nashoni alimeza kidonge, akakishushia maji.

"Mzee, chakula chako kizuri. Vitanda vizuri. Unajua kwa nini nilikuja kwako? Kambi ya jirani yako walinitumia barua imejaa usilete hiki, njoo na kile, pima kile. Mke wangu alicheka, akasema hao ni walimu wa zamu. Yako ikasema njooni kama mlivyo." Akafunga chupa ya dawa. "Wafanyakazi wangu nawapeleka kwa walimu wa zamu."

Kornelio alitoka nje, akampigia Yasmini.

"Ile barua. Irudishe."

"Ipi, mzee?"

"Ile ya kutukana wageni. Yote, na kadi, na mbung'o."

"Na ya kilo?"

Ndani, Aloo alikuwa anacheka kitu na mumewe.

"Na ya kilo. Lakini hapo andika kwamba mizani ya rubani ina kasoro."