Seva ya Kujitegemea

Katika kikao cha ushirika wa wakulima pale Kashaulili, mjini Mpanda, neno "kujitegemea" lilitamkwa mara nyingi kuliko neno "mahindi", na hapo ndipo Romana alipoanza kuihofia likizo yake. Yeye peke yake ndiye aliyesimamia kompyuta za ushirika, na mwezi wa Agosti, katikati ya msimu wa kununua mazao, alikuwa anaolewa.

Suala lenyewe lilikuwa dogo. Ghala la Mishamo lilihitaji kuingia kwenye mfumo wa stoo uliokuwa hapo ofisini, na haikuwa salama kuuacha mfumo huo wazi kwenye intaneti. Ilihitajika VPN, yaani njia iliyofungwa ambayo hupitiwa na wenye ufunguo tu. Romana alileta mapendekezo mawili: kulipia huduma ya kampuni, shilingi elfu kumi na tano kwa kila mtumiaji kwa mwezi, au ushirika ujiwekee seva yake.

"Watumiaji sita, elfu tisini kila mwezi, maisha," alisema Meneja Luhende, aliyekuwa ametoka semina juzi. "Na hiyo programu ya kujiwekea inauzwaje?"

"Programu ni bure, Bwana Meneja. Kuiendesha ndiko si bure. Laini yetu inagawana anwani moja ya intaneti na wateja wengine wengi, kwa hiyo Mishamo hawana mlango wa kupigia hodi. Tutalipia anwani yetu ya kudumu. Bando letu lina kikomo. Umeme ukikatika tunahitaji betri. Halafu kuna muda wa kuifunga, kuisasisha, kutunza funguo na kuifufua inapozima."

Mzee Manyanda, mweka hazina, ambaye idadi ya ng'ombe wake haitajwi hadharani, aliinua mkono. "Binti, mimi nina mifugo. Maziwa ya dukani niyanunue ya nini?"

"Mifugo yako inachungwa, Mzee. Huyu ng'ombe wa seva mnataka nimchunge mimi, hadi Jumapili."

"Kwani wewe hulipwi mshahara?"

Kikao kilicheka. Kwenye jedwali la gharama, mbele ya neno "muda", Luhende aliandika sifuri yenye duara safi kabisa. Kujitegemea kukapita kwa kauli moja.

Meneja alitoa masharti mawili. Mashine ikae ofisini kwake, wageni waione. Na kila kitu cha Mishamo kipitie humo, apate kusimamia. Anwani ya kudumu peke yake ilikula karibu nusu ya zile elfu tisini. Kabla mwezi haujafika katikati, bando likaisha. Romana alikagua akakuta kwamba Didace, mtunza ghala wa Mishamo, alikuwa akitazama mpira: kila mechi iliingia Kashaulili, kisha ikatoka kwenda Mishamo, na bando likakatwa mara mbili.

"Mwambie aache mpira," Luhende aliagiza.

"Hata akiacha, kompyuta yake inajisasisha. Niruhusu nipitishe mfumo wa stoo tu humu, mengine yatumie intaneti ya kwao."

Aliruhusiwa. Kazi hiyo ilimla Jumamosi nzima, na jedwali halikubadilika.

Siku ya sendofu yake, yaani kuagwa kwa bibi harusi, huko Usevya, Romana akiwa katikati ya kusukwa nywele, Luhende alipiga simu. Umeme wa Mpanda ulikuwa umekatika na kurudi mara kadhaa. Betri, iliyonunuliwa ya bei ndogo, ilishindwa, na diski ya seva ikaharibika. Kompyuta ya stoo ilikuwa nzima, ila haikufikika.

"Romana, mdogo wangu, panda pikipiki mara moja. Watu wamejaa na magunia Mishamo, Didace hawezi kuwapokelea. Walanguzi wameshafika na mizani yao."

"Leo naagwa, Bwana Meneja."

"Utarudi jioni."

"Sirudi jioni, kwa sababu siendi asubuhi. Lipia ile huduma. Iweke kwenye kompyuta ya stoo, na Didace aiweke kwenye yake. Haihitaji anwani ya kudumu. Maelekezo nilikuachia."

"Lakini tutalipa kila mwezi."

"Na mimi nitaagwa kila mwezi?"

Msusi alicheka hadi akaachia uzi. Romana alizima simu, akainamisha kichwa tena. Huko Kashaulili, Luhende aliyasoma maelekezo kwa sauti, akalipa, akakosea nywila, akarudia. Alasiri Didace alianza kupokea magunia, ya wale waliosubiri.

Kikao kilichofuata, Meneja aliwasilisha jedwali jipya. Huduma ya kulipia aliipa jina la "kujitegemea kwa awamu". Na mbele ya neno "muda", kwa mara ya kwanza, palikuwa na kiasi cha fedha: posho ya Meneja kwa saa mbili za kufunga mitambo, pamoja na chakula cha mchana.

Mzee Manyanda aliweka sahihi bila kuuliza neno.