Aliyeandika "Nasaidia"

Mama mwenye binti kazini, chunga ulimi wako mezani. Donatille aliropoka neno moja Jumapili, wakila maharage, na Ijumaa nusura neno hilo limle mwanawe.

Mwaka ule wa 1992, kiwanda cha mablanketi huko Gikondo kilikuwa kinapanga kazi zote upya kwa madaraja. Kila mfanyakazi alipewa karatasi aeleze kazi yake. Wengine waliandika mistari mitatu, wengine kurasa nne zenye baraka na malalamiko. Donatille na mwenzake Libère, makarani wa ofisi ya wafanyakazi, walizichambua karatasi hizo na kuzipiga taipu kwenye majedwali: safu ya kazi anazofanya mtu, safu ya sifa zinazotakiwa, safu ya bosi anayewajibika kwake, na ya mwisho ya wale anaowasimamia. Kamati ya madaraja haikusoma hadithi za watu. Ilisoma majedwali tu, ikatoa alama, alama zikajumlishwa, daraja likatoka. Na daraja ndilo mshahara.

"Tunapima kiti," Bwana Nkusi, mkuu wao, aliwaimbia kila asubuhi. "Aliyekikalia hatumpimi."

Ijumaa hiyo kamati ilikuwa ikutane saa nane mchana kwa idara ya uzalishaji. Saa tano na nusu Libère alikuwa anafanya ukaguzi wake. Kila bosi aliyetajwa kwenye jedwali la mtu, Libère alilitafuta jedwali la bosi huyo aone kama naye anamtaja mtu huyo. Wasipotajana, kuna mmoja amekosea.

"Mama Christella," alimwita Donatille, "huyu namba tisini na sita anawajibika kwa Munyaneza, fundi wa rangi. Jedwali la Munyaneza liko wapi?"

"Munyaneza gani? Si alihamia Butare mwaka jana!"

"Basi huyu msaidizi anamsaidia nani? Mzimu?" Libère alicheka, akasoma. "Namsaidia fundi kupima rangi. Namsaidia fundi kuchanganya. Nasaidia, nasaidia... Yewe! Halafu Bwana Kamanzi wa uzalishaji ameandika kwake kwamba anasimamia chumba cha rangi moja kwa moja. Fundi hamtaji kabisa."

Donatille alinyoosha shingo aone jina. Lilikuwa la binti yake: Christella. Karatasi za chumba cha rangi alizipiga taipu Libère, kwa hiyo yeye hakuwa ameziona.

Jumapili ile mtoto aliuliza, kalamu mkononi: "Mama, niandike nini? Tangu Munyaneza aondoke napima mwenyewe." Naye akajibu kama alivyojibiwa na mama yake: "Usijikweze. Mtoto wa kike hajitangazi. Andika unasaidia, wakubwa watajua wenyewe." Wakubwa wangejuaje? Wana jedwali tu! Anayesaidia hupata alama za kusaidia: daraja la pili, pamoja na wafagiaji. Na likishapigwa muhuri halibadiliki mpaka zoezi jingine, Mungu ajua mwaka gani.

Mkono wake ulikuwa tayari umeingiza karatasi mpya kwenye mashine.

"Usiguse!" Libère aliuzuia mkono ule. "Ukibadilisha wewe, watasema mama kampikia mwanawe uongo. Watalitupa jedwali na wewe pamoja nalo."

Alisema kweli, na ilimchoma. Donatille akaenda kwa Nkusi, akasimama wima. "Bwana mkuu, jedwali la tisini na sita lina kosa. Mwenye kazi ni binti yangu, kwa hiyo mimi siligusi. Naomba Libère aende kumwuliza, na Bwana Kamanzi atie saini."

Nkusi aliangalia saa. "Sasa hivi? Mna saa mbili! Nendeni. Na wewe mama, mdomo wako ubaki umefungwa. Maneno yatoke kwa mwenye kazi na bosi wake tu."

"Nitanyamaza, bwana."

Libère aliondoka mbio, naye Donatille nyuma yake, kitenge kimekamatwa kwa mkono, hadi chumba cha rangi. Alibaki mlangoni. Ndani, mvuke ulikuwa unapanda kutoka kwenye mapipa, na Christella, mikono bluu hadi viwiko, alikuwa ameinamia mizani.

"Dada, kazi yako hapa ni nini?" Libère aliuliza.

Christella alimwona mama mlangoni, akashusha macho. "Nasaidia tu, kaka."

"Sawa. Nani anapima rangi?"

"Mimi."

"Nani anaamua mapipa yaanze kuchemka?"

"Mimi."

"Mablanketi yakitoka na mabaka, anaitwa nani?"

"Mimi! Wiki iliyopita niliitwa nikiwa nakula."

"Na hawa wawili wanaobeba ndoo, nani anawapangia?"

"Mimi."

"Haya, sasa niambie, unamsaidia nani?"

Wabeba ndoo waliangua kicheko. Mmoja akasema, "Anamsaidia Munyaneza kukaa Butare!" Hata Christella alicheka, akafuta jasho, akajipaka bluu kwenye paji la uso. Libère alikuwa anaandika kwa kasi: anapima, anachanganya, anaamua, anasimamia wawili.

Mbeba ndoo mmoja alitumwa kumwita Bwana Kamanzi, naye akafika akihema, mtu mnene mwenye roho nzuri. Alisoma, akapiga paja. "Kweli tupu! Huyu binti ndiye chumba cha rangi. Sifa zinazotakiwa umeandika nini? Darasa la sita? Ah, ndogo sana! Andika cheti cha sekondari cha kemia. Alama zipande, mtoto afaidi!"

"Wazo zuri, bwana," Libère alisema, kalamu ikashuka.

"Usiandike!"

Sauti ilimtoka Donatille kabla hajajua. Wote waligeuka. Alikumbuka ahadi yake, na bado akaendelea, maana afadhali afukuzwe kuliko mwanawe kuponzwa tena.

"Bwana Kamanzi, nisamehe. Ile safu ni ya kile inachodai kazi. Ukidai cheti cha kemia, kesho kiti ni cha mwenye cheti, na huyu hana! Utakuwa umempandishia ngazi halafu umemfungia mlango. Mimi sitakuambia uandike nini. Nakuuliza tu: kazi yenyewe inadai nini?"

Kamanzi alikuna kichwa. Akaangalia mizani, akaangalia daftari la vipimo. "Kusoma vipimo," alisema polepole. "Kugawanya na kuzidisha bila kukosea. Na uzoefu... miaka miwili penye mapipa. Kemia? Munyaneza mwenyewe hakuwa nayo."

"Ndivyo niandike?" Libère aliuliza.

"Ndivyo. Na anawajibika kwangu. Lete nitie saini."

Christella naye alitia saini, alama ya kidole cha bluu ikabaki pembeni. Libère alilipiga taipu jedwali jipya, Donatille akiwa amegeukia ukuta asionekane hata kuchungulia. Saa nane kasorobo liliingia chumba cha mkutano.

Alisubiri ukumbini, akimwita Bikira Maria kwa majina yake yote. Saa tisa na robo Libère alichungulia mlangoni, akanyanyua vidole vitano.

"La tano?"

"La tano, Mama Christella! Na cheo kimebadilika: mpimaji wa rangi."

Donatille alipiga vigelegele katikati ya ofisi, Nkusi akatoka kuona kuna nini. "Nilikwambia ufunge mdomo," alisema, lakini alikuwa anatabasamu. "Kamanzi kaniambia yote. Umekosa, na umekosa vizuri."

Binti aliambiwa palepale mlangoni mwa chumba cha rangi, akaruka kama mtoto. Mama alimkumbatia bila kujali rangi. "Mimi ndiye niliyekuponza," alimwambia sikioni. "Yale ya Jumapili yasahau."

Kisha akarudi ofisini. Jumatatu kamati ilikuwa ipokee idara ya ufumaji. Aliyafungua majedwali hayo, akahesabu: kumi na moja waliandika "nasaidia", tisa wao wanawake. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ndugu yake. Alichukua kalamu na kuelekea kwenye mitambo, akamgusa bega wa kwanza.

"Dada, samahani. Unamsaidia nani?"