Viatu Vibaki Miguuni

Maman Godelive, mkuu wa shule ya msingi iliyong'ang'ania mteremko wa mtaa wa Kadutu, aliisoma barua mara mbili, na mara ya pili damu ikamchemka. Ilikuwa rasimu ya Papa Mushagalusa, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, ya kumwelekeza Hervé, mpiga video wa kujitegemea, jinsi ya kutengeneza video ya kuchangisha pesa. Ukuta wa darasa la sita ulikuwa umepasuka, na mvua ya Septemba haina adabu: ikiukuta katika hali hiyo, itaondoka nao. Ufa huo mwenyekiti aliupa mstari mmoja tu. Miguu ya watoto aliipa minne.

"Watoto wavue viatu," aliandika. "Wapigwe picha kwenye matope. Anayelia awekwe mbele."

Ndivyo ilivyofanyika mwaka jana, Godelive mwenyewe akiwa kitandani na malaria. Mwana wa Nyota, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, katika soko la Kadutu, alivuliwa viatu vyeusi ambavyo mama yake alijinyima mpaka akavinunua. Video ikaenda Ubelgiji, ikarudi kwenye simu za sokoni, na wauzaji wenzake wakamuuliza Nyota kama faida ya sambaza huwa anaila peke yake. Tangu hapo Nyota hakukanyaga shuleni. Pesa zilizopatikana hazikutosha hata kununua saruji.

Godelive alichukua karatasi mpya na kuandika kwa mkono mzito uliotoboa karatasi. Lengo: kujenga upya ukuta kabla ya mvua. Watazamaji: waliosoma hapa, walioko Brussels na Kinshasa. Bajeti: dola mia nne na hamsini, usafiri, sauti na uhariri humo humo, nusu barua ikisainiwa, nusu kazi ikipokelewa. Kupiga picha Ijumaa, video ya kwanza Jumatano, masahihisho mara moja tu, kazi kamili Jumatatu inayofuata, kwa kuwa wa Brussels wana karamu yao ya mchango mwishoni mwa wiki hiyo. Vya kukabidhi: video ya dakika tatu yenye maandishi ya Kifaransa chini, nyingine ya dakika moja, ya wima, kwa ajili ya WhatsApp, na picha zote ghafi kwenye flashi. Mtoto asionyeshwe uso bila saini ya mzazi. Na mwisho akapigia mstari: kila mtoto abaki na viatu vyake miguuni.

Mushagalusa aliisoma akicheka puani.

"Maman Directrice, bazungu na bale ba Brussels banatoa pesa bakiona huruma. Ukuta haulie. Mi sisaini hii."

Bila saini yake pesa ya kamati haitoki, na Hervé hashiki kamera bila avansi, ile nusu ya kwanza. Mwenyekiti alilijua hilo, na ndiyo maana alikunja miguu na kutulia. Godelive alimwangalia viatu vyake vilivyong'arishwa, hasira ikampanda mpaka masikioni. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, lakini huyu alitaka hata kuipiga njaa picha.

"Sawa, Papa," akasema. "Tufanye vile unataka. Lakini kwenye barua tunaandika jina. Mpiga video lazima ajue anatafuta mutoto gani."

Akafuta mstari wa mwisho, akaandika, akisoma kwa sauti: "Mtoto atakayevua viatu na kusimama matopeni: Mireille, darasa la tatu, mjukuu wa mwenyekiti. Idhini: babu yake."

Mushagalusa aliacha kucheka.

"Mireille? Hapana. Mutoto wangu hawezi kuonekana vile."

"Kwa nini? Hana miguu?"

"Godelive!"

"Wa Nyota alikuwa na miguu!" Alipiga meza, chaki zikaruka. "Wa Nyota ana mama! Ulimuuliza?"

Mzee alichukua kalamu, akaufuta mstari wenye jina la mjukuu wake, akarudisha maneno yaleyale kuhusu viatu. Akasaini.

"Bado saini moja," Godelive akasema, hasira haijamtoka. "Ya Nyota. Na hiyo, utaenda kuiomba mwenyewe."

Walishuka pamoja sokoni. Nyota alikuwa akipima sambaza kwa kikopo, na alipomwona mwenyekiti hakumkaribisha.

"Tunataka mutoto wako aseme kwenye video," Mushagalusa akasema chini chini. "Ni juu ya ukuta. Barua iko hapa, inasema abaki na biatu byake."

"Soma."

Akasoma, kama mtu anayeungama.

Nyota aliweka kikopo chini, akajipangusa mikono, akawaangalia wauzaji wenzake upande huu na upande ule.

"Soma tena, Papa," akasema. "Kwa nguvu. Hawa bote baliona ile video."