Oktoba Niliyotaka Kuifuta

Skripti yangu ya JavaScript, programu fupi ya kompyuta, ilichukua picha za setilaiti za kila mwezi, ikaondoa mawingu, kisha ikatoa wastani wa ukijani wa wilaya nzima ya Kaliua. Miezi yote ilitoa nilichotarajia, isipokuwa Oktoba: ukijani unapanda na mvua bado! Siku tatu nilikagua kila mstari wa skripti. Kwa hasira nikataka kuifuta Oktoba, ila kwanza nikampigia baba, mrina asali wa Ulyankulu, humo humo Kaliua.

"Shikamoo baba. Oktoba huko porini kuna kijani gani?"

"Marahaba, Recheli. Si miti ya miyombo inachipua! Haingoji mvua. Hata nyuki wanajua."

Nikamweleza kila kitu. Akacheka mpaka akakohoa.

"Setilaiti imeona kutoka juu mbinguni. Wewe uliyezaliwa humu, ulikuwa unatazama wapi?"