Saksafoni Isiyokuwepo

Nyumbani walimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake, lakini mbele ya msimamizi wa tasnifu yake siku hiyo ulimi uligoma. Sura yake kuhusu bendi aliyopigia marehemu baba yake ilikuwa mezani, kando ya kitabu cha mtafiti mmoja kuhusu bendi hiyohiyo. Ingeenda kwa jopo la watahini jinsi ilivyo, angefukuzwa chuo, kwisha habari.

"Kitabu kinasema, 'Saksafoni inaingia polepole, inamjibu mwimbaji kama shangazi asiyekubali kushindwa,'" msimamizi alisoma. "Nawe umeandika saksafoni inaingia taratibu, inamjibu mwimbaji mfano wa shangazi asiyeshindwa. Mwandishi humtaji."

"Nimebadilisha maneno, Mwalimu. Na kitabu kipo kwenye marejeo."

"Mwanangu, umembadilishia nguo, mtu ni yuleyule. Marejeo ya mwishoni hayamwambii msomaji sentensi ipi ni ya nani. Na hata ungemtaja, sentensi bado ni yake. Iwekee alama za kunukuu, au useme wazo lake kwa namna yako. Vyovyote vile, umtaje."

Chiriku akaitikia kwa kichwa. Kumbe mama msimamizi hajamaliza.

"Umeandika pia kwamba umechambua kanda ya kwenu, bendi ilipopiga ukumbini. Hebu tuisikilize."

Chiriku akatoa simu. Kanda alikuwa ameihamishia humo, lakini tangu wamzike baba hakuwa na ubavu wa kuigusa. Masikio alikuwa ameazima kwa mwandishi wa kitabu.

Wimbo ukapigwa. Mwimbaji akauliza, wakasubiri saksafoni. Wapi! Aliyejibu alikuwa mpiga gitaa la besi, yaani baba, kwa noti chache nzito, akichelewa kidogo makusudi. Mwandishi wa kitabu alikuwa amechambua rekodi ya studio ya wimbo huo, iliyofanywa baba alipokwisha kuacha bendi. Chiriku alikuwa amemfuta baba yake mwenyewe, akampachika mtu mwingine na saksafoni yake mahali pake. Aibu ilimshika, uchungu juu yake.

Msimamizi alifunga kitabu, akakiweka mbali. "Niambie yeye anasema nini. Kisha wewe unasikia nini."

Chiriku alisema kwa kigugumizi, halafu akaandika palepale. Mtafiti, akamtaja kwa jina na ukurasa, anaiona rekodi ya studio kama mabishano ambamo saksafoni ndiyo inayomjibu mwimbaji, "kama shangazi asiyekubali kushindwa". Yale maneno ya shangazi aliyafungia alama za kunukuu, maana hakupata ya kuyapita. Kisha akaongeza: katika kanda ya ukumbini, saksafoni haipo. Anayejibu ni besi, nayo haibishani. Inambembeleza.

Msimamizi alisoma, akarudia. "Hilo la kubembeleza, umelitoa kwa nani?"

"Sijalitoa kwa mtu, Mwalimu. Ndivyo baba alivyokuwa akitujibu nyumbani."

"Basi mpiga besi naye mtaje kwa jina."

Chiriku akaliandika jina la baba yake lote, mpaka la babu, huku machozi yakimdondoka kwenye karatasi.