Dola za Makadirio

Seth alikufa, lakini kwa siku tisa sauti yake haikunyamaza katika ploti ile ya vyumba vya kupanga, mtaani Huruma, Nairobi. Alikuwa fundi wa friji, na video zake za mtandaoni za kufundisha kazi hiyo zilikuwa zikilipwa kwa matangazo. Majirani waliokuja matanga waliona hapo mchango wa asiye na kitu. Kila aliyekalia kiti cha plastiki alifungua video, akabofya matangazo, akaanza upya. Walifanya kwa moyo mweupe kabisa, Mungu awabariki, na hiyo ndiyo iliyokuwa shida.

Aoko, mjane wake, hakuwa amelia. Alikula alipoambiwa ale, akasalimu watu, akaonyesha simu. Dashibodi, ukurasa wa mapato ya video hizo, iliposema Mei imeleta dola mia sita na arobaini, Mwangangi mwenye basi aliitazama kwa macho yake, akakubali kulitoa libebe mwili na waombolezaji hadi kwao Seth, Siaya, Jumamosi, alipwe baadaye.

Jumatano, tarehe tatu Juni, namba ikasoma mia nne na kumi.

"Tumeibiwa?" akauliza Gordon, mwenyekiti wa kamati ya mazishi.

Winny, rafiki wa Aoko anayelipwa vivyo hivyo kwa video za mapishi, akatikisa kichwa. "Hapo pameandikwa makadirio, Mzee. Siku za kwanza wenye mtandao wanakisia. Kama wiki hivi ikipita, wanachuja: watazamaji wa uongo na mibofyo ya kurudiarudia huondolewa. Wanaweza kurekebisha tena. Mpaka hesabu ya Mei iingie akaunti ya malipo, kati ya tarehe saba na kumi na mbili mwezi huu, hakuna namba ya kushika. Pesa yenyewe hutumwa kuanzia ishirini na moja."

"Na hao wa uongo ni nani?"

Winny akaangalia simu zilizokuwa mapajani mwa watu. "Ni sisi, Mzee. Tukiendelea, wanaweza hata kumfungia Seth matangazo."

Gordon akainamisha kichwa. Aoko hakuhisi lolote, hata hasira. Akampigia Mwangangi, akamwambia ukweli: mia sita haipo, na hata mia nne inaweza kupungua.

"Pole, mama," Mwangangi akasema. "Basi siwezi. Nitaleta pikapu. Jeneza na watu watano."

Watano, na ploti nzima ilikuwa imejiandaa kwenda kumzika. Aoko akawatazama: wale waliomchangia kwa vidole vyao ndio watakaobaki.

"Zimeni," akawaambia. "Asanteni. Zimeni tu."

Wakatii. Simu moja ikazimwa, kisha nyingine, mpaka ikabaki ya mama mmoja karibu na mlango aliyekuwa hajui pa kubonyeza. "Ukishafungua compressor ya friji, usiharakishe," Seth alikuwa akieleza humo. Winny akamsaidia kuizima.

Aoko akangoja Seth amalizie sentensi. Hakumaliza. Ndipo kilio kikamtoka, na Gordon akamdaka kabla hajaanguka.